SMS, WhatsApp, simu au kikaratasi mtungini: njia ipi ya kuwaambia wateja wa gesi kwamba sasa unafika Kiamunyi

Nina duka la gesi Section 58, hapa Nakuru. Mwaka uliopita tulifungua la pili Kiamunyi, upande ule mwingine wa mji, kando ya barabara ya kwenda Ravine. Kukodi chumba, kutafuta vibali na kuchomelea kizimba cha mitungi kulichukua muda na pesa, lakini lililonikosesha usingizi ni swali ambalo nilidhani ni jepesi: wateja nilio nao nitawaambiaje?

Nilijaribu njia nne. SMS, orodha ya matangazo ya WhatsApp (ile watu huita brodkasti), kupiga simu, na kikaratasi kinachokwenda na mtungi. Nimeziweka hapa pamoja ili mwenye duka la gesi, maji au chakula cha mifugo anayetaka kupanua eneo lake aone ipi inamfaa nani. Nasema "inamfaa nani" kwa sababu nilipoanza nilikuwa natafuta njia moja ya kuwafaa wote, na hapo ndipo nilipojikwaa.

Wanaosikia "duka jipya" wakaelewa "wamehama"

Tangazo langu la kwanza lilikwenda kwa kila namba iliyokuwa kwenye daftari, zaidi ya 400, kwa siku moja. Lilisema tumefungua duka jipya Kiamunyi na wateja wote wanakaribishwa. Kesho yake asubuhi alinipigia mama mmoja wa Free Area ambaye amekuwa akinunua kwangu tangu nianze.

"Kwani mmehama? Sasa mimi nitatoa gesi wapi?"

"Hapana mama, tuko pale pale. Hilo ni duka la pili."

"Ah. Mimi nilikuwa nishaambia kijana anitafutie mahali pengine."

Huyo alipiga simu. Wiki mbili baadaye nilipopekua daftari niliona wateja kadhaa wa Lanet na Free Area ambao mtungi wao ulikuwa umeshapita siku za kuisha na hawakuwa wamenitafuta. Niliwapigia mmoja mmoja. Wengi wao walikuwa wameelewa vivyo hivyo, kwamba nimevuka mji na nimewaacha.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha SMS na WhatsApp, gawa daftari. Langu huandikwa jina, mtaa, ukubwa wa mtungi, tarehe na namba ya simu, basi nilikaa nalo jioni mbili nikatoa mafungu matatu. La kwanza ni wanaoishi Kiamunyi na kando kando yake. Hawa walikuwa 96, na karibu wote walikuwa wapangaji wa Section 58 au Lanet waliojenga wakahamia kwao. Baadhi walikuwa bado wananipigia na kulipa boda shilingi 250 kuvuka mji, na wengine walikuwa wamenyamaza tangu wahame. La pili ni wateja wa duka la zamani, ambao duka jipya halibadilishi chochote kwao. La tatu ni hoteli na shule ndogo, hawakuzidi 14, ambao hununua mitungi kadhaa kwa wakati mmoja.

Fungu la pili ndilo kubwa na ndilo halihitaji tangazo lolote la haraka. Likihitaji neno, neno lenyewe ni "duka la Section 58 liko pale pale", na liwe mwanzoni mwa sentensi. Habari ya Kiamunyi ifuate baada ya hapo, kwa ajili ya dada au shemeji anayeishi huko.

Kuna mgawanyo mwingine wa kufanya wakati daftari limefunguka. Nani alikubali kutumiwa ujumbe? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, pamoja na kanuni zake za 2021, inataka mtu awe amejua na kukubali kwamba namba yake itatumiwa kwa matangazo, na apewe njia rahisi ya kujiondoa. Mteja aliyenipa namba ili kijana wa boda apate geti lake alinipa kwa kazi hiyo tu. Siku hizi kijana akifikisha mtungi huuliza, "Tukiwa na habari ya duka tukutumie?" na jibu linaandikwa kando ya jina. Namba zilizobaki kwenye meseji za malipo ya M-Pesa sizigusi kabisa, kwa sababu aliyelipa hajaniambia lolote zaidi ya kwamba amelipa. Wale ambao sikuwa nimewauliza niliwaachia kikaratasi, ambacho nitakieleza mbele.

SMS na WhatsApp, bega kwa bega

Ukiwa na fungu lako la watu 96, swali la kwanza ni nani atafikiwa kweli.

SMS huingia kwenye simu yoyote, iwe kabambe au simu janja, bando liwepo au lisiwepo. Kiamunyi nina wazee waliostaafu wakajenga huko, na simu zao ni za vitufe. Hao WhatsApp haiwagusi. Lakini SMS yenyewe ina sura mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kutuma kupitia kampuni ya SMS za jumla, ambapo ujumbe hutokea kwa jina la duka badala ya namba. Bei ya ujumbe mmoja ni ndogo, kwa kawaida haifiki shilingi 2, ila kusajili hilo jina kunagharimu maelfu, kila mtandao unasajili kivyake, na inachukua siku. Tena ujumbe unaotokea kwa jina haujibiwi. Mteja akitaka kuuliza "mko karibu na wapi?" hana pa kuandika, kwa hiyo namba ya simu lazima iwe ndani ya maneno. Na mteja wa Safaricom aliyewahi kupiga `*456*9*5#` kuzima matangazo hataupata, ingawa wewe utaona umeshautuma.

Sura ya pili ni kutuma kutoka kwenye laini ile ile unayopokelea oda, kwa kifurushi cha SMS. Kwa watu 96 hii ndiyo niliyochagua, na ningeichagua tena. Wanaijua namba. Kwenye simu za wengi inatokea kwa jina walilonihifadhia wenyewe, "Gesi 58" au "Mama Gesi". Wanaweza kujibu papo hapo. Ukiwa na watu elfu mbili hesabu inageuka, maana kidole kitachoka na simu itaanza kukuuliza kila mara kama kweli unataka kutuma. Hapo kampuni ya SMS za jumla inastahili gharama yake.

WhatsApp kwa upande wake ina picha na ina ramani. Hili si jambo dogo kwa duka jipya. Kiamunyi nyumba zimejengwa haraka kuliko mabango, na kusema "kando ya barabara ya Ravine" kunamwacha mtu na kilomita kadhaa za kutafuta. Picha moja ya kizimba cha mitungi na mlango wa jirani, iliyopigwa ukiwa umesimama ng'ambo ya barabara ili mtu aone anachokiona akishuka matatu, inafanya kazi ambayo SMS haiwezi. Unaweza kuweka kiungo cha ramani ndani ya SMS, lakini mimi sifanyi hivyo. Watu wametapeliwa mno kwa viungo vya kubonyeza, na ujumbe wa gesi wenye kiungo unafanana na wa matapeli.

Tatizo la brodkasti ni lile ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa: inamfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Orodha moja inachukua watu 256, kwa hiyo wangu 96 walitosha, nikatuma nikafurahi. Nilipobonyeza ule ujumbe kwa kushikilia nikafungua taarifa zake, waliofikiwa walikuwa chini ya nusu. Waliobaki hawakuwa wamekataa. Walikuwa wananipigia kwa kutafuta namba kwenye simu walizopiga mwezi uliopita, hawajawahi kuihifadhi.

Kuna njia nyepesi ya kupima hili kabla hujatuma chochote. Weka picha yoyote ya duka kwenye Status na usubiri siku nzima. Kwa mipangilio ya kawaida, mtu anayeonekana kwenye orodha ya waliotazama amekuhifadhi na wewe umemhifadhi. Hata waliokuhifadhi si wote watatazama, kwa hiyo ichukue kama kipimo cha chini. Kama wateja wako wa eneo jipya wanaonekana wengi hapo, brodkasti itakufaa. Kama unaona jamaa na mafundi tu, anza na SMS.

Jambo moja nitalisema kwa ukali kidogo: usiwakusanye wateja kwenye kundi la WhatsApp ili kukwepa shida hii. Kundi linaonyesha namba ya kila mtu kwa kila mtu. Mwanamke anayeishi peke yake aliyekupa namba ili aletewe gesi hakukubali namba hiyo ionwe na watu 95 asiowajua, wanaojua sasa kwamba anaishi Kiamunyi.

Kwa hiyo nilifanya hivi. SMS ilikwenda kwa wote wa fungu la kwanza waliokuwa wamekubali, halafu yeyote aliyejibu akiuliza njia nilimtumia picha na ramani kwa WhatsApp, yeye peke yake. Kwa njia hiyo picha inamfika anayeihitaji, na mara nyingi wakati huo huo anaihifadhi namba.

Maneno yanayotosha kwenye SMS moja

SMS moja ni herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukipita, inahesabiwa mbili. Yangu ilitulia hivi baada ya kuandikwa upya mara nyingi, jina la duka likiwa mbele yake:

```
Duka jipya la gesi Kiamunyi, barabara ya Ravine. Tunaleta ndani ya dakika 30 hadi saa 2 usiku. Namba na Till ni zile zile. Hutaki ujumbe? Jibu ACHA.
```

Hizo ni herufi 148, zikabaki 12 za jina. Hakuna salamu ndefu, na "tunayo furaha kukujulisha" haimo, kwa kuwa furaha hiyo ni yangu. Cha mteja ni kwamba boda haivuki tena mji.

"Namba na Till ni zile zile" ndiyo sentensi iliyonigharimu fikra nyingi zaidi, na ningeshauri mtu yeyote apange biashara yake ili aweze kuisema kwa ukweli. Nilikuwa nimeshaanza kuomba Till mpya ya Kiamunyi. Rafiki yangu mwenye duka la dawa alinizuia kwa swali moja tu: wewe ukitumiwa meseji kwamba duka unalolijua sasa lina namba mpya ya kulipia, utalipa? Singelipa. Ningedhani ni tapeli. Tukaacha Till moja, kwa hiyo mteja wa Kiamunyi akilipa anaona kwenye simu jina lile lile alilozoea. Na simu ya oda ni moja: inapokelewa Section 58, kisha dada wa pale anampigia kijana wa Kiamunyi. Ni hatua ya ziada kwetu, lakini mteja haimgusi.

Ukiandika Kiswahili kuna mtego mmoja wa kiufundi. Alama ya ng' iliyopinda, ile ambayo baadhi ya simu na kompyuta huweka zenyewe, haimo katika herufi za kawaida za SMS. Alama moja tu ya namna hiyo, au katuni moja ya moto, inashusha kiwango kutoka herufi 160 hadi 70, na ujumbe wako wa herufi 148 unahesabiwa SMS tatu. Kwa watu 96 ni hasara ndogo. Kwa maelfu, umelipa mara tatu. Andika alama iliyonyooka, au tafuta neno lisilo na ng'.

Kuhusu dakika 30, hapo kwanza niliandika 15. Kijana alikuwa ameenda geti la jirani na kurudi kwa dakika 9 nikaona tuko sawa. Halafu tukapima upya jioni, baada ya mvua, hadi nyumba ya mwisho kabisa tunayokubali kwenda, ambako murami inageuka kuwa utelezi na boda yenye mtungi wa kilo 13 nyuma haiwezi kukimbia. Ilichukua dakika 26. Tangaza muda wa safari mbaya. Aliyeahidiwa 30 akaletewa kwa 12 atakusifia kwa jirani, ila aliyeahidiwa 15 na ugali uko jikoni haujaiva atakumbuka kila dakika iliyozidi.

Na weka mpaka. "Kiamunyi" kwenye kinywa cha mteja inaweza kufika mbali sana kuelekea Kabarak. Sisi tuliamua mwisho wetu, tukauandika ukutani kwa ajili ya anayepokea simu, na anayepiga kutoka nje ya hapo anaambiwa nauli yake kabla kijana hajawasha pikipiki. Kwenye SMS mpaka haukutoshea, lakini kwenye simu lazima usemwe.

Tarehe ya kutuma ina uzito kuliko njia

Gesi si mandazi. Anayesoma tangazo lako leo akiwa na mtungi uliojaa jana hana la kufanya nalo, na siku itakapoisha, ujumbe wako umezikwa chini ya meseji za mikopo na za chama. Hapa ndipo daftari la tarehe linapolipa.

Chukua mteja mmoja wa kilo 6. Alinunua tarehe 3 Machi, kisha tarehe 2 Aprili, kwa hiyo mtungi humkalia kama siku 30. Wa sasa utaisha karibu tarehe 2 Mei. SMS yake ilitoka tarehe 29 Aprili, saa 11 jioni, wakati watu wako njiani kurudi nyumbani au wanaanza kupika. Sikutuma kwa wote 96 siku moja tena. Niliwapanga kwa wiki, kila wiki kama 20 hivi, na hiyo ilikuwa na faida nyingine: kijana mmoja wa boda aliweza kuwahudumia wote waliojibu bila kuvunja ile ahadi ya dakika 30. Brodkasti ya WhatsApp unaweza kuigawa vivyo hivyo, lakini lazima utengeneze orodha mpya kwa kila wiki, na mimi nilichoka kwenye ya pili.

Wale waliokuwa wamenyamaza tangu wahame hawana tarehe ya kukisia. Hao niliwatumia wakati wowote, na kwao niliongeza kwa mkono neno moja mwanzoni, "Mama Brayo, sasa tuko karibu nawe." Inachukua muda, na ni kwa sababu hiyo haionekani kama matangazo ya jumla.

Simu: kwa wachache tu

Kupiga simu ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayokula muda kuliko zote. Simu moja ya maana ni dakika 4 au 5 ukihesabu salamu, na salamu haziwezi kurukwa. Watu 14 wa hoteli na shule ni asubuhi moja. Watu 96 ni karibu siku nzima ya kazi, na wengi watapokea wakiwa kazini wakuambie "nitakupigia".

Hoteli huwezi kuitumia SMS ukategemea. Anayesoma simu si anayebadilisha mitungi, na swali lake halimo kwenye herufi 160: je, nikiishiwa saa 7 mchana wateja wako mezani, unafika kwa dakika ngapi, na bei ya mitungi minne ni ile ile? Nilipiga kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, chai imeshapita na chakula cha mchana hakijaanza. Mmoja aliniambia wazi kwamba hataki kuhamia duka jipya kwa sababu amemzoea kijana wa Section 58 anayejua kumfungia regulata. Tukamwachia kijana wake. Hilo singelijua kwa ujumbe wa aina yoyote.

Kikaratasi kinachokwenda na mtungi

Hii nilikuwa nimeidharau. Ni kadi ndogo kama ya biashara, upande mmoja namba ya simu na Till, upande wa pili maneno mawili matatu: maduka yetu ni Section 58 na Kiamunyi, na nauli ya kila eneo. Inakwenda na kila mtungi unaotoka, hata wa wateja wa zamani, na kwao inasema kwa macho kile ambacho SMS yangu ya kwanza ilishindwa kusema, kwamba maduka ni mawili na hakuna lililofungwa. Haihitaji namba ya mtu wala bando. Na ndiyo pekee kati ya njia hizi nne iliyopo jikoni dakika ile moto unapozimika.

Ila kuna jinsi ya kuiweka. Mtungi wa kilo 13 unakaa chini na mpira unapeleka gesi mezani, kwa hiyo kadi inaweza kufungwa kwa uzi kwenye kishikio bila shida. Mtungi wa kilo 6 wa meko hauwezi kabisa. Kichomeo kimekaa juu ya mtungi wenyewe, na karatasi iliyofungwa kwenye kishikio iko sentimita chache kutoka kwenye moto. Kijana wangu alifunga moja hivyo siku ya kwanza, nikamrudisha akaitoe. Kwa meko, kadi inawekwa mkononi mwa mteja, au unatumia stika inayobandikwa chini ubavuni, mbali na valvu na bila kufunika jina la kampuni wala tarehe za ukaguzi zilizogongwa kwenye chuma. Stika ikishabandikwa, mtungi ukibadilishwa huondoka nayo, kwa hiyo kila mtungi mpya unahitaji yake.

Udhaifu wa kadi ni kwamba haimfikii aliyeacha kununua. Yule wa Kiamunyi aliyenyamaza mwaka mzima hana mtungi wangu jikoni. Kwake ni SMS au hakuna.

Mwaliko wenyewe: punguzo au nauli ya bure?

Tangazo linampa mtu habari, lakini mara ya kwanza kujaribu duka jipya anahitaji sababu ya kuacha alipozoea. Nilisita kati ya kupunguza bei ya gesi shilingi 100 na kutotoza nauli kwa mtungi wa kwanza.

Tuseme faida yako kwenye mtungi wa kilo 6 ni shilingi 200. Ukipunguza 100 umetoa nusu yake, na hutaweza kumnyima wa Section 58 atakayesikia. Ndani ya wiki moja punguzo la Kiamunyi litakuwa punguzo la mji mzima, na siku utakapolirudisha watasema umepandisha bei. Nauli ya bure ndani ya Kiamunyi inakugharimu pengine shilingi 50 za mafuta na muda wa kijana, inamhusu tu anayeishi huko, na ikiisha bei ya gesi haijaguswa. Tena inamwonyesha mtu kile hasa kilichobadilika: alikuwa analipa 250 kuvuka mji, leo halipi kitu, na kuanzia mtungi wa pili atalipa 50. Hayo ndiyo maneno kijana aliyasema mlangoni, kwa tarakimu hizo, ili mtungi wa pili usilete mabishano.

Kwenye daftari tuliongeza safu moja nyembamba. Kila anayepiga mara ya kwanza kutoka Kiamunyi anaulizwa amejuaje, na tunaandika S kwa SMS, W kwa WhatsApp, P kwa kupigiwa, K kwa kadi, J kwa jirani. Wiki sita za kwanza S ndizo zilizotawala, kama nilivyotarajia. Kuanzia mwezi wa tatu tangu tuanze kuandika, S zikapungua na J zikaanza kujaa, na nyingi za J, ukiuliza zaidi, zilitokana na kadi ambayo jirani aliitoa kwenye droo ya jikoni akasoma namba kwa sauti juu ya ua.

Waliojibu ACHA walikuwa 5. Majina yao yana mstari mwekundu na hawatumiwi kitu. Wawili kati yao bado wananunua gesi kwetu.